Msimu wa Mwisho wa Karatasi ya Vitambaa

Binti yangu wa kwanza alizaliwa siku ya mtihani wa karatasi ya vitambaa. Nilikuwa nimemaliza karatasi nyingine zote za moduli ya pili: kuchora ruwaza, kushona kwa vitendo, masomo ya biashara. Ilibaki hiyo moja ya nadharia, na nilikuwa nimeisoma mpaka naota nyuzi. Asubuhi hiyo nilifika mlangoni pa ukumbi nikiwa na kalamu zangu mkononi, nikasimama, nikashindwa kuendelea. Mwalimu wetu wa ushonaji aliniangalia usoni mara moja tu.

"Wewe, mtihani wako leo hauko hapa," akasema, akanishika mkono tukarudi getini kutafuta gari la kwenda hospitali ya Nyamira.

Matokeo yalipotoka niliyaona nikiwa nanyonyesha. Kila karatasi niliyofanya nilikuwa nimepita. Chini kabisa, mahali ambapo wenzangu waliandikiwa kwamba wamefaulu, mimi niliandikiwa kwamba sikutimiza masharti ya kozi. Nilisoma maneno hayo, nikayakunja, nikajiambia kwamba mtoto akianza kutembea nitarudi. Akaanza kutembea. Akaja wa pili. Mume wangu alikuwa na majani chai yake Gesima kwenye shamba la mama yake, na majani chai hayangoji mtu. Mwaka ukafuata mwaka.

Sikukaa bure lakini. Cherehani nilikuwa nayo, na rafiki yangu tuliyesoma naye alikuwa amekodi chumba kidogo cha duka Keumbu, kando ya barabara. Tukaweka mashine zetu mbili barazani. Yeye alikuwa amemaliza moduli ya kwanza pamoja nami na kuipita vizuri kunishinda, kisha baba yake akaugua, karo ikakosekana, akaondoka kabla ya moduli ya pili kuanza. Kwa hiyo tulikuwa mafundi wawili wenye kozi mbili zisizoisha. Watu wa Keumbu hawakutuuliza cheti. Walitaka sketi ikae kiunoni na sare ya kwaya iwe tayari kabla ya Sabato, na hayo tulijua.

Kilichonirudisha kwenye mambo ya cheti ni mama mkwe wangu. Yeye huchuma majani huku simu imewekwa ndani ya mfuko wa aproni, redio ya Kigusii inaongea siku nzima. Jioni moja niliporudi kutoka Keumbu nilimkuta ananingoja jikoni, hata kikapu hakuwa amekitua vizuri.

"Mokamwana," aliniita, kama mama wa kwetu wanavyoita mke wa mwana, "ile kozi yako ya kushona wanaifunga."

"Nani anaifunga, mama?"

"Serikali. Mtu wa elimu amehojiwa. Amesema mtaala mpya umeingia na wa zamani una siku chache. Mwenye kubakisha kitu aende akamalize. Nimemsikia kwa masikio yangu. Sasa nakuuliza, wewe si ulibakisha kitu?"

Nilimwambia kwamba hilo ni jambo la zamani, na kwamba kazi ninayo. Akatua kikapu.

"Mimi ndiye niliyekulelea huyu mtoto aliyekutoa kwenye mtihani," akasema. "Nitamlea na huyu mdogo. Nenda ukaulize. Kuuliza si kesi."

Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la tatu, na sijawahi kumsikia akilalamikia hilo. Lakini karatasi yangu moja ilikuwa inamkera kama mtu aliyeacha mstari mmoja wa majani bila kuchumwa.

Nilimwambia rafiki yangu, tukafunga duka siku ya Jumatatu tukaenda chuoni pamoja. Chuo kilikuwa kimebadilika. Majengo mapya, kibao kipya, na ukutani tangazo refu la kozi za mtaala mpya, ule ambao mtu hafanyi mtihani mmoja mkubwa mwishoni bali anapimwa kitengo kwa kitengo akiwa kazini, akionyesha anachoweza. Dirishani kijana mmoja karani alitusikiliza, akaangalia matokeo yangu kwenye simu.

"Walioruhusiwa kurudia ni waliofeli karatasi," akasema. "Wewe hukufeli. Hukufanya. Hiyo ni tofauti. Watahiniwa wapya wamekwisha kufungiwa."

"Mimi si mpya," nikasema.

"Kwa karatasi hiyo wewe ni mpya. Pole, madam."

Tulitoka nje tukakaa kwenye ngazi. Nakumbuka nilicheka, maana nilihisi nikinyamaza nitalia. Ningekwenda siku ile kwenye ukumbi nikaandika jina tu na kuondoka, ningekuwa nimefeli, na kwa kufeli ningekuwa na haki. Rafiki yangu hakucheka. Alisimama, akakung'uta sketi yake.

"Huyo ni wa dirisha," akasema. "Kuna afisa wa mitihani. Hatujamwona yeye."

Ofisi ya mitihani ilikuwa nyuma ya maktaba. Ndani tulimkuta mama wa makamo aliyevaa hijabu ya kijivu, mtu wa Kisii mjini, ambaye jamaa zake wanauza vitambaa karibu na soko. Nililifahamu duka lao kabla ya kumfahamu yeye. Alikuwa anakula chapati na chai, akasukuma sahani kando.

"Keti, mama. Nawe keti. Niambieni polepole."

Nilimweleza. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akaniuliza maswali ambayo kijana wa dirishani hakuuliza. Nilisajiliwa mwaka gani mara ya kwanza? Karatasi nyingine za moduli hiyo hiyo nilizifanya zote? Nilipitaje? Moduli ya kwanza ilikamilika?

"Sasa sikia," akasema. "Watu wanachanganya mambo mawili. Mtaala ukibadilika, haufungwi siku moja kama duka. Kwanza wanaacha kupokea wanafunzi wapya. Hilo limekwisha. Pili, darasa la mwisho lililokuwa ndani linafanya mtihani wake wa kwanza. Hilo nalo limekwisha, katikati ya mwaka huu. Baada ya hapo inabaki misimu miwili tu, na hiyo ni ya wanaorudia peke yao. Mmoja mwisho wa mwaka, mmoja katikati ya mwaka ujao. Ukipita huo, karatasi za zamani hazitungwi tena kabisa."

"Na mimi ni wa kurudia au si wa kurudia?"

"Hapo ndipo pa kuuliza, si pa kukisia. Wewe ulisajiliwa, ukaanza moduli, ukakosa kipande. Kwa jinsi ninavyojua, aliye na matokeo kama yako anahesabiwa pamoja na wa kurudia, mradi muda wa kukamilisha tangu alipoanza haujamwishia. Na wako haujaisha. Lakini mimi sisemi kwa mdomo. Nitaliandikia baraza la mitihani wanijibu."

Kisha akamgeukia rafiki yangu, ambaye alikuwa bado hajasema neno juu yake mwenyewe.

"Nawe?"

Rafiki yangu akaeleza. Yule mama akavuta kiti chake karibu naye, nami nikajua.

"Sitakudanganya, dada," akasema. "Wewe moduli ya pili hukusajiliwa kamwe. Kwako ingekuwa mtihani wa kwanza, na mitihani ya kwanza imekwisha. Hakuna barua itakayobadilisha hilo. Ukienda kwa mtu akakuambia mpe kitu akuingize, ujue anakuibia."

"Kwa hiyo ile moduli ya kwanza yangu ni bure?"

"Si bure. Ni yako, haichukuliwi. Ukija kwenye mtaala mpya, tutaiangalia tunapoamua uingie kiwango gani, na kazi uliyofanya miaka hii yote unaweza kuomba ipimwe. Yale unayoyajua utayaonyesha, hutakaa darasani kufundishwa kupachika zipu. Lakini utapimwa. Sitaki uje ukifikiri umesamehewa yote."

Rafiki yangu akamshukuru. Tulipotoka alinunua ndizi mbivu getini, akanipa nusu ya kicha, na njia nzima alizungumza juu ya kitambaa cha sare ya shule ambacho kilikuwa kimepanda bei. Nilijua si kitambaa kinachomsumbua. Nikala ndizi. Usiku nilimwombea, na kesho yake nilipofika Keumbu nilikuta ameshapiga pasi kazi zangu zote.

Jibu la baraza lilichukua muda mpaka nikaanza kukata tamaa. Siku simu ilipolia nilikuwa nampima mteja kifua, futi ya kupimia imemzunguka.

"Umekubaliwa," sauti ya yule mama ikasema. "Lakini kuna jambo. Chuo chetu hakisajili tena mtaala wa zamani, kwa sababu hatuna wanafunzi wetu waliobaki. Nimekutafutia kituo kingine upande wa Kisii ambacho bado kina wa kurudia. Utatumia namba yako ile ile ya zamani ya mtihani, wasikupe mpya. Ukipewa mpya utaonekana mtahiniwa wa kwanza na utakataliwa. Na jina liwe lile lile ulilosajiliwa nalo."

"Kitambulisho changu sasa kina jina la mume."

"Najua, wengi mko hivyo. Jina la mume liache nyumbani. Mtihani unamjua yule msichana."

Mume wangu alipoambiwa hayo alicheka mpaka akashika mlango. "Basi mtafute huyo msichana haraka," akasema, "kabla dirisha la usajili halijafungwa." Yeye mwenyewe ndiye aliyenipeleka kituoni siku ya kusajiliwa, akasimama nyuma yangu wakati kijana wa pale anaingiza namba, tukaona jina la zamani likijitokeza kwenye kompyuta pamoja na karatasi zote nilizopita, zikiwa zimekaa pale kama nguo alizokunja mtu na kuziweka sandukuni. Kilichobaki kujazwa kilikuwa kisanduku kimoja.

Kusoma ndiko kulikokuwa na kazi. Daftari zangu zilikuwa zimeliwa na panya. Chuoni hakuna aliyekuwa anafundisha nadharia ile kwa namna ile tena. Yule mama wa mitihani alinipa kitabu kimoja cha maktaba kilichokuwa kimeondolewa rafuni, na karatasi za miaka iliyopita alizonitolea nakala. Nilisoma jikoni. Mama mkwe wangu alikuwa anakaa upande wa pili wa moto akimenya ndizi za kupika, na kwa sababu hakupenda mtu asome kimyakimya alitaka kila kitu kielezwe kwa Kigusii.

"Hapo umefika wapi?"

"Namna ya kutambua uzi kwa kuuchoma, mama."

"Kuchoma nguo?"

"Kipande tu."

Aliinuka akaniletea vipande. Kona ya leso yake ya zamani, kipande cha blanketi, uzi wa sweta ya mtoto, utepe wa zawadi. Tukachoma. Pamba ikawaka haraka, ikanuka kama karatasi. Sweta ilikuwa ya sufu kweli, ikajikunja na kunuka nywele, akaziba pua. Ule utepe ukayeyuka na kudondoka tone jeusi gumu. Aliliokota lilipopoa akaligeuzageuza.

"Hii ndiyo wanayotuuzia wakisema ni hariri," akasema. "Nyasae wane, Mungu wangu! Kumbe ni plastiki." Tangu siku hiyo alipokwenda sokoni Birongo alivuta uzi kwenye upindo wa kila nguo, na wauzaji wakaanza kumwogopa.

Wiki zile ndiye aliyechuma sehemu yangu ya majani. Sikumwomba. Nilikuwa naamka nakuta ameshaondoka na vikapu viwili.

Siku moja kabla ya mtihani mvua ilinyesha tangu mchana, na njia yetu ya Gesima ikinyesha hivyo haipitiki kwa uhakika. Rafiki yangu akanipigia. "Njoo ulale kwangu Keumbu. Kutoka hapa utafika mapema." Nikaenda. Alikuwa amepika ugali wa wimbi na mboga za kienyeji, amenitandikia kitanda chake, yeye akalala na dada yake. Asubuhi niliamka nikamkuta anachonga penseli zangu kwa wembe.

"Ungekuwa unaenda wewe," nikasema, "ungepita kunishinda."

"Mimi nimejiandikisha ule mpya," akajibu bila kuinua macho. "Wiki jana. Sikutaka kukuambia, ungeanza kunihurumia badala ya kusoma. Kunywa chai."

Ukumbini hatukuwa wengi. Tulikuwa watu wa kozi mbalimbali, kila mmoja na karatasi yake iliyobaki, na hakuna aliyekuwa mdogo. Mbele yangu alikaa fundi wa uashi mwenye mvi, mikono imepasuka kwa saruji. Nyuma kulikuwa na mama mmoja wa upishi. Msimamizi aliangalia namba zetu moja moja, akafungua bahasha mbele yetu sote, kisha akatuambia, kwa upole kuliko nilivyotarajia, "Wazee, andikeni mpaka dakika ya mwisho. Msimu ujao ndio wa kufunga kabisa, msipange kuutumia."

Swali la kuchoma nyuzi halikuja. Yalikuja ya namna za kufuma kitambaa, ya kwa nini nguo mpya hunywea, ya dawa zinazofaa kutoa madoa ya chai. Nilitabasamu nilipoona hilo la madoa ya chai, maana hilo nimeishi nalo. Niliandika bila kupumzika. Mara moja tu niliinua kichwa, nikaona mlango wa ukumbi uko wazi na hakuna mtu anayenitoa.

Mama mkwe wangu hakufurahi aliposikia. "Hawakuuliza juu ya moto? Basi walikuwa wanatafuta nini?"

Matokeo yalichukua miezi. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikishindwa bado ule msimu wa mwisho upo, lakini moyoni sikuutaka. Yule mama wa mitihani ndiye aliyeyaona kwanza, ingawa sikuwa mtahiniwa wa kituo chake tena. Hakupiga simu, alinitumia picha. Ile sentensi ya chini ilikuwa imebadilika. Nilipita, si kwa alama za kujivunia, lakini nilipita, na moduli ya pili ikawa imekamilika pamoja na ya kwanza. Nilimpa simu mama mkwe. Aliishika kwa mikono miwili.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea kila karatasi, kisha nikamfasiria. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaita watoto wote wawili waje wasikie, na mkubwa, ambaye sasa yuko shule, akataka kujua kwa nini bibi analia kwa sababu ya vitambaa.

Cheti nilikwenda kukichukua mwenyewe katika kituo nilichofanyia, nikaweka sahihi, na jina lililoandikwa ni la yule msichana. Kutoka hapo nilipitia chuoni na kitambaa cha kitenge nilichomshonea yule mama wa mitihani, gauni refu la mikono mirefu, kipimo nimekisia kwa macho. Alilipokea, akaliweka kando, akataka kwanza kuona cheti. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Usikipeleke kwa mtu akakifunika plastiki," akasema. "Watu wanaharibu vyeti kwa mapenzi. Weka kwenye bahasha tu." Kisha akavaa gauni juu ya nguo zake, akajipima kwenye kioo cha kabati. Mabega yalikaa. Kiuno kilikuwa kipana kidogo, nikamwambia nitalipunguza, akakataa, akasema amevumilia njaa ya kutosha ofisini humu, kiuno kibaki.

Sasa nafundisha ushonaji katika kituo cha ufundi si mbali na Birongo. Walitaka mtu mwenye cheti kamili, na nilikuwa nacho. Wanafunzi wangu wote ni wa mtaala mpya, na ilibidi mimi mwenyewe nipelekwe mafunzo nijue namna ya kuwapima, kwa hiyo kuna siku nasoma kuliko wao. Ninapowaza jinsi nilivyofika hapa, naona watu. Mwanamke anachuma sehemu ya mwingine kwenye ukungu. Mwingine ameacha chapati yake ipoe. Sijui nitawalipaje, na nimeacha kujaribu kuhesabu. Nashukuru tu, asubuhi ninapofungua darasa na jioni ninapolifunga.

Rafiki yangu bado yuko Keumbu, na mashine yangu bado iko barazani kwake kwa kazi zangu za Jumapili. Mwezi uliopita wapimaji walimtembelea palepale dukani, wakamtazama akikata na kushona huku wateja wanachungulia. Alinipigia jioni.

"Sketi wamesema nimeiweza. Suruali wameniambia bado."

"Pole. Sasa?"

"Sasa hakuna kitu. Narudia suruali peke yake, nikiwa tayari nawaita." Nilisikia cherehani yake ikianza kuzunguka. "Huku kwetu mwisho hawajautangaza. Ngoja nimalize huu mguu, nitakupigia."